Kreatini, Q10 au mazoezi: kipi kinafika kweli kwenye mitokondria?

Mama mmoja wa miaka 61 alikuja dukani mwezi uliopita, akaweka juu ya kaunta kopo la kreatini la kijana wake na chupa ya vidonge vya Q10 aliyoletewa na ndugu kutoka safari. Nilimwamkia, akaitikia, akaenda moja kwa moja kwenye lililomleta: "Dokta, nasikia vyote viwili vinatengeneza mitokondria. Pesa yangu ni ya kimoja. Nitumie kipi?"

Mitokondria ni viwanda vidogo ndani ya seli vinavyotengeneza nishati, na swali hilo nalisikia mara nyingi sasa. Zamani kreatini iliulizwa na vijana wa jimu tu, waliotaka kunyanyua vyuma vizito zaidi. Leo wanaoiuliza ni wazee, wagonjwa wa moyo, watu wenye uchovu usioisha na wazazi wenye mtoto mgonjwa. Wote wamesikia kwamba inasaidia seli hata nje ya zile sekunde chache za nguvu. Nilipokaa na yule mama nilimwongezea chaguo la tatu ambalo halikuwemo mkononi mwake, yaani mazoezi yenyewe, kwa sababu bila hilo ulinganisho unapotosha.

## Tutapima kwa lipi

Kila kimoja nimekiuliza maswali yaleyale. Kinafanya nini ndani ya seli? Kimeonekana kufanya nini kwa watu, mbali na panya na vyombo vya maabara? Kinatumiwaje siku kwa siku? Kinaweza kudhuru au kudanganya vipi? Na kinamfaa nani?

Swali la pili nalipa uzito kuliko yote. Katika habari za mitokondria, mambo mengi yaliyong'aa kwa panya yalizimika yalipofika kwa binadamu.

Ili tusipotee, fikiria nyumba yenye kisima. Pampu inayovuta maji ndiyo mitokondria. Juu ya paa kuna tangi la akiba, na kutoka kwenye tangi kuna mabomba hadi jikoni na bafuni. Maji ndiyo ATP, sarafu ambayo kila kazi ya seli inalipiwa kwayo. Kreatini inahusika na tangi na mabomba. Q10 ni kipuri ndani ya pampu. Mazoezi huongeza pampu zenyewe.

## Kreatini

Ndani ya seli. ATP iliyomo kwenye msuli kwa wakati wowote ni kidogo sana. Ukikimbia kwa nguvu zako zote, ingekwisha ndani ya sekunde 2 au 3. Hapo ndipo fosfokreatini, yaani kreatini iliyobeba fosfati, inapoitoa fosfati hiyo na kuifanya ADP, yaani ATP iliyokwisha kutumika, iwe ATP tena. Akiba hiyo inakufikisha kwenye sekunde 10 hivi. Hili ndilo linalojulikana jimu, na wengi wanaishia hapo.

Lisilojulikana sana ni kwamba kimeng'enya kinachofanya kazi hiyo, kreatini kinesi, kina pacha wake aliyekaa ndani ya mitokondria, kwenye upenyo ulio kati ya utando wa nje na utando wa ndani. Hapo ni mlangoni hasa. ATP inapotoka, pacha huyu anaichukua fosfati yake, anaibebesha kreatini, kisha anairudisha ADP ndani papo hapo ikatengenezwe upya. Fosfokreatini ndiyo inayosafiri hadi mahali msuli unapojikunja, inatua mzigo, na kreatini tupu inarudi mlangoni kuchukua mwingine. ADP inaporudi kwa wakati, mtambo wa ndani unaendelea kuzunguka bila kukwama, na katika maabara hali hiyo imeonekana kupunguza uvujaji wa chembe haribifu za oksijeni.

Kwa hiyo si uongo kwamba kreatini inahusiana na mitokondria. Inahusiana nazo kwa karibu sana. Lakini haiziongezi idadi wala haikarabati iliyoharibika. Inapokea kinachotoka mlangoni na kukipeleka kinakotakiwa. Kisima kikiwa kimekauka, tangi kubwa litakuwa tangi kubwa lisilo na maji.

Uhusiano huu ni wa kweli kiasi kwamba madaktari watafiti wanautumia kama dirisha. Mtu analazwa kwenye mashine ya sumaku inayosoma fosforasi, anafanyishwa kazi ya mguu mpaka fosfokreatini inapungua, kisha anapumzika huku mashine ikiangalia inavyojaa tena. Kinachoijaza ni mitokondria. Kwa mtu mwenye afya, nusu ya kilichotumika hurudi kwa nusu dakika hivi. Ikichelewa sana, tatizo liko kwenye pampu au kwenye damu inayoipelekea oksijeni.

Kwa watu. Hapa lazima tuwe wakweli. Panya wenye magonjwa ya neva yanayohusishwa na mitokondria dhaifu waliishi muda mrefu zaidi walipolishwa kreatini, na matumaini yakapanda. Marekani na Kanada wakafanya jaribio kubwa la ugonjwa wa Parkinson, watu 1,741, gramu 10 kwa siku kwa miaka. Lilisimamishwa mwaka 2013 kwa sababu hapakuwa na dalili ya kufaidi kuliko unga mtupu. Lile la ugonjwa wa Huntington, la watu 553 waliotumia hadi gramu 40 kwa siku, likasimamishwa mwaka 2014 kwa sababu hiyohiyo.

Sehemu ya maelezo iko kwenye ubongo wenyewe. Unajitengenezea kreatini yake, na mlango wa kuingizia ile ya damuni ni mwembamba. Watu wenye afya walipopewa gramu 20 kila siku kwa wiki 4, kreatini ya ubongo ilipanda kwa chini ya asilimia 10. Msuli, kwa kulinganisha, hupanda kwa asilimia 20 hivi kwa siku 5 au 6 tu. Ubongo unaonekana kuikaribisha zaidi unapobanwa: jaribio dogo la Ujerumani la mwaka 2024 liliwanyima watu usingizi usiku kucha, likawapa dozi moja kubwa ya gramu 0.35 kwa kila kilo ya uzito, na kasi yao ya kufikiri haikushuka kama ya waliopewa kisicho na kitu. Ni jaribio la watu wachache na la usiku mmoja. Lisikufanye ubadilishe usingizi kwa kopo.

Kwa wagonjwa wenye magonjwa ya kurithi ya mitokondria, majaribio ni madogo na hayakubaliani. Moja la Kanada la mwaka 1997 liliona mkono unashika kwa nguvu zaidi na kazi ya nguvu kali inaongezeka, lakini uwezo wa kutumia oksijeni haukubadilika. Jingine la Ujerumani halikuona tofauti. Hata pale ilipofaulu, iliongeza akiba ya tangi na kuiacha pampu ilivyokuwa.

Kuna mahali pawili ambapo kreatini haina mjadala. Pa kwanza ni watoto waliozaliwa hawawezi kuitengeneza. Hao huitumia kama dawa chini ya daktari bingwa, na ikianzwa mapema inabadilisha maisha yao. Pa pili ni wazee wanaofanya mazoezi ya uzito. Majaribio mengi yakijumlishwa, waliotumia kreatini pamoja na mazoezi hayo waliongeza mwili usio mafuta kwa kilo 1.4 hivi zaidi ya waliofanya mazoezi peke yake. Bila mazoezi, faida hiyo karibu haionekani.

Matumizi. Gramu 3 hadi 5 za kreatini monohidrati kwa siku, kiasi cha kijiko cha chai cha sawasawa. Ile desturi ya kupakia gramu 20 kwa siku wiki ya kwanza si lazima. Utafiti wa Uswidi wa mwaka 1996 ulionyesha kwamba gramu 3 kwa siku 28 zinaufikisha msuli palepale, na tumbo halilegei. Inayeyuka vizuri kwenye uji au chai ya vuguvugu. Usiikoroge ukaiacha kwenye maji kwa siku kadhaa, maana inageuka taratibu kuwa kreatinini, takataka isiyo na faida. Kwa chakula, kilo nzima ya nyama mbichi ina gramu 4 au 5 tu, ndiyo maana wasiokula nyama wala samaki huanza na akiba ndogo na huiona tofauti zaidi.

Tahadhari. Uzito hupanda kilo 1 au 2, na mwanzoni ni maji ndani ya misuli. Kwa mnyanyuaji haijalishi. Kwa mkimbiaji wa masafa marefu ni mzigo wa kubeba kilomita zote, na uwezo wake wa juu wa kutumia oksijeni haupandi.

Jambo linaloleta hofu zaidi ni majina mawili yanayofanana. Kreatini ikichakaa mwilini inakuwa kreatinini, na kreatinini ndiyo maabara huitumia kukisia uchujaji wa figo. Mjomba wangu wa miaka 58 alianza gramu 5 kwa siku pamoja na vyuma. Miezi mitatu baadaye alipima kazini, asubuhi baada ya mazoezi mazito na usiku wa nyama choma. Kreatinini yake ya zamani ilikuwa mikromoli 97 kwa lita. Sasa karatasi ilisoma 124. Kwa hesabu inayotumiwa leo, eGFR yake, yaani makisio hayo ya uchujaji wa figo, ilikuwa imeanguka kutoka 78 hadi 58, chini ya ule mstari wa 60 unaowafanya watu waambiwe figo zimeanza kuchoka. Alinipigia simu sauti imekauka.

"Mjomba, ulimwambia daktari unatumia kreatini?"

"Sikuona inahusu nini."

Tulifanya mambo matatu kwa mpangilio. Aliacha unga kwa wiki 4. Alirudia kipimo bila nyama nyingi wala mazoezi makali siku mbili kabla, kikasoma 102, sawa na eGFR ya 73. Akapima pia protini kwenye mkojo, haikuwepo, na sistatini C, kipimo cha figo kisichotegemea msuli wala kreatini, kikawa cha kawaida. Figo hazikuwa na neno. Ila tahadhari iwe pande zote: kama protini ingekuwemo kwenye mkojo, au sistatini C nayo ingekuwa mbaya, tatizo lingekuwa figo kweli, na kuisingizia kreatini kungemchelewesha. Mwenye ugonjwa wa figo unaojulikana asianze bila daktari wake.

Inamfaa nani. Anayefanya mazoezi ya uzito, hasa aliyevuka miaka 50, asiyekula nyama, na anayetaka misuli isiyeyuke.

## Koenzaimu Q10

Ndani ya seli. Q10 iligunduliwa mwaka 1957 na Frederick Crane huko Wisconsin, kutoka kwenye mitokondria za moyo wa ng'ombe. Inakaa ndani ya utando wa ndani, mahali penyewe nishati inapotengenezwa. Elektroni zinazotoka kwenye chakula zinapaswa kupita kituo hadi kituo, na Q10 ndiyo inayozichukua kwenye vituo vya kwanza na kuzipeleka kituo cha tatu. Ikikosekana, pampu inakwama. Kwa mahali ilipo, basi, iko ndani zaidi ya mitokondria kuliko kreatini.

Tatizo ni kwamba mwili huitengeneza wenyewe, na asiyepungukiwa hafaidi sana kwa kuongezewa. Kipuri cha pili hakina pa kufungwa.

Kwa watu. Kwenye Parkinson, watu 600 walijaribiwa kwa miligramu 1,200 au 2,400 kwa siku, hapakupatikana faida. Kwenye Huntington, watu 609, miligramu 2,400, vilevile. Anayesema kreatini imeshindwa kwa ubongo aseme na hili.

Moyo umeleta habari njema zaidi. Jaribio lililochapishwa mwaka 2014 liliwapa wagonjwa 420 wenye moyo uliodhoofika miligramu 100 mara tatu kwa siku kwa miaka miwili, juu ya dawa zao za kawaida. Matukio mabaya ya moyo yaliwapata asilimia 15 ya waliotumia Q10, na asilimia 26 ya wasiotumia. Ni jaribio moja la ukubwa wa kati, na dawa za moyo zimeboreka tangu hapo, lakini si la kupuuza.

Wanaotumia statini, dawa za kupunguza kolesteroli, mara nyingi huambiwa waongeze Q10. Ni kweli statini hupunguza Q10 ya damuni, kwa kuwa kolesteroli na Q10 hupitia njia moja ya utengenezaji, na statini huiziba njia hiyo. Lakini je, kuongeza Q10 kunaondoa maumivu ya misuli? Majaribio yanapingana. Mimi humwambia mtu ajaribu miezi miwili, aandike maumivu yake kila wiki, na kama hakuna badiliko aache.

Matumizi. Miligramu 100 hadi 300 kwa siku, pamoja na chakula chenye mafuta, la sivyo kingi kinapita tu. Gharama kwa mwezi kwa kawaida ni kubwa kuliko ya kreatini.

Tahadhari. Wengi huivumilia, wachache huharisha au kukosa usingizi. Anayetumia wafarini, dawa ya kuzuia damu isigande, asiguse bila kupimwa damu, kwani Q10 inaweza kuipunguza nguvu dawa hiyo.

Inamfaa nani. Mgonjwa wa moyo aliyeongea na daktari wake, na wale wachache wenye upungufu wa kurithi wa Q10, ambao kwao dozi kubwa ni tiba hasa.

## Mazoezi ya pumzi

Ndani ya seli. Mazoezi ya pumzi ni yale yanayokufanya uheme kwa muda, kama kukimbia au kuendesha baiskeli. Mwaka 1967 John Holloszy wa St. Louis aliwakimbiza panya kwenye mkanda kwa wiki 12, akaongeza muda hadi wakafika saa mbili kwa siku. Uwezo wa mitokondria za misuli yao kutumia oksijeni ukawa mara mbili. Leo tunajua namna. ATP inapotumika kwa kasi na muda ukawa mrefu, seli inasoma upungufu huo kama amri, protini iitwayo PGC-1 alfa inaamka, na jeni za kujenga mitokondria zinawashwa. Wala kreatini wala Q10 havitoi amri hiyo kwa nguvu kama hii.

Kwa watu. Kliniki ya Mayo ilichapisha mwaka 2017 matokeo ya wiki 12 za kuendesha baiskeli ya mazoezi kwa vipindi vikali. Uwezo wa mitokondria za misuli uliongezeka kwa asilimia 49 kwa vijana, na kwa waliovuka miaka 65 kwa asilimia 69. Wazee waliongeza zaidi. Hilo ndilo nililomwonyesha yule mama, akaniuliza mara mbili kama nimesoma vizuri.

Matumizi. Ratiba yao kwa siku tatu za wiki ilikuwa dakika 4 za kanyagio kali, dakika 3 za kulegeza, mara nne. Siku nyingine mbili walitembea kwa kasi. Asiye na baiskeli anaweza kutumia mlima au ngazi. Alama ya ukali ni hii: kwenye dakika zile nne huwezi kumaliza sentensi, na kwenye kulegeza unaweza. Anayeanza kutoka sifuri atangulize wiki kadhaa za kutembea haraka nusu saa, akiweza kuongea lakini asiweze kuimba.

Mitokondria mpya hazihifadhiki. Protini zake hubadilishwa kwa wiki chache, na ukiacha kabisa, kilichojengwa kinaanza kubomolewa ndani ya wiki hizohizo.

Tahadhari. Kifua kinachobana, kizunguzungu au kukosa pumzi kusiko kwa kawaida ni sababu ya kusimama na kupimwa kwanza. Mwenye homa asubiri ipone. Mwenye kisukari anayechoma insulini apange dozi na daktari, kwani sukari inaweza kushuka saa kadhaa baadaye.

Yanamfaa nani. Karibu kila anayeweza kusogea. Asiyeweza, kwa mfano aliyevunjika nyonga au mwenye moyo usiotulia, ndiye anayestahili kufikiriwa njia nyingine kwa makini zaidi.

## Kwa hali yako

Kama shida yako ni kuishiwa pumzi ukipanda ngazi na hakuna ugonjwa uliopatikana, anza na mazoezi ya pumzi, na usinunue chochote kwa wiki 12 za kwanza.

Kama misuli inapungua na kuinuka kwenye kiti kunahitaji mikono, mazoezi ya uzito mara mbili au tatu kwa wiki na gramu 3 hadi 5 za kreatini vinakwenda pamoja. Pima kreatinini kabla ya kuanza, uhifadhi karatasi, na umwambie kila daktari kwamba unatumia.

Kama unakimbia masafa marefu, kreatini itakusaidia kwenye vyuma na mbio fupi za kumalizia, na itakugharimu uzito njiani. Wengi huitumia msimu wa kujenga nguvu na kuiacha wiki kadhaa kabla ya mashindano.

Kama una moyo uliodhoofika, peleka swali la Q10 kliniki ya moyo pamoja na orodha ya dawa zako zote. Usiache hata moja ya hizo ili kununua Q10.

Kama kuna Parkinson au Huntington nyumbani, hakuna kopo kati ya haya lililoonyesha kupunguza mwendo wa ugonjwa. Kreatini bado inaweza kusaidia misuli ya anayefanya mazoezi, na hilo ni sababu halali ya kuitumia, ilimradi ujue ndiyo sababu.

Kama mtoto anachelewa kuongea na ana degedege lisiloeleweka, usimpe kreatini kwa kubahatisha. Omba apelekwe kwa daktari wa neva za watoto, na uulize kuhusu upungufu wa kreatini ya ubongo. Kipimo cha mkojo na damu huanzisha uchunguzi, na unga ukitolewa kabla yake unaweza kuvuruga majibu.

Yule mama aliacha chupa ya Q10 ibaki na nduguye anayeugua moyo, akaulize kliniki. Kreatini alichukua kijiko kimoja kimoja kutoka kopo la kijana wake, siku zote, na wamekubaliana wafanye vyuma pamoja Jumanne na Ijumaa. Siku nyingine tatu anapanda mlima wa nyuma ya kwao, dakika nne kwa saa ya simu, anashuka polepole, anapanda tena.